Hadithi fupi: "Kuni Tatu" (mwanafunzi anafupisha ngano ya bibi yake). Naomba mnikosoe

Kigoda (mwanzisha uzi)

Wadau, kamwene. Naweka hapa rasimu ya tatu ya hadithi fupi. Ni ya mwanafunzi wa Kidato cha Pili huko Kilolo aliyeambiwa afupishe ngano ya bibi yake. Naomba mnitazamie jambo moja tu: ufupisho anaoutoa mwishoni, je, ungesimama mbele ya mwalimu na mbele ya bibi pia? Usiposimama, hadithi nzima imeanguka. Kosoeni bila kunionea huruma.

KUNI TATU

Mwalimu wa Kiswahili aliandika ubaoni: "Fupisha ngano uliyosimuliwa nyumbani kwa maneno yasiyopungua 100 na yasiyozidi 120." Akapiga mstari mara mbili chini ya 120.

Jioni ile Vumilia alimkuta bibi jikoni akipukuchua mahindi. Ilikuwa Juni. Ukungu ulishafika mlangoni, na mbuzi walikuwa wamefungiwa mapema.

"Bibi, naomba hadithi."

"Ya kuni ngapi?"

Bibi hakupima hadithi kwa saa. Ya ukuni mmoja ilikuwa ya sungura, ya watoto wanaosubiri ugali. Ya kuni mbili ilikuwa na wimbo. Ya kuni tatu ilisimuliwa mara moja au mbili kwa mwaka, wakati wa baridi, na hakuna aliyeruhusiwa kulala kabla ukuni wa tatu haujawa majivu.

"Ya kuni tatu," akasema Vumilia.

Ilikuwa ya msichana yatima. Ukungu ulishuka mlimani ukakaa, mvua ikanyesha mpaka moto ukazimika katika kila nyumba. Wazee wakakaa kikao, na bibi akakisimulia kikao hicho mzee kwa mzee, kila mmoja na kikohozi chake. Msichana akatumwa ng'ambo ya mto, alikobaki mtu mmoja mwenye moto. Hakuwa na cha kubebea ila kikapu cha milulu alichosuka mama yake kabla hajafa. Mzee wa ng'ambo akampa kaa la mwati juu ya kigae, akalifunika majivu, kigae wakakiweka kikapuni juu ya majani mabichi. Njiani kaa lilitaka kufa mara saba. Kila lilipofifia msichana alichomoa uzi wa kikapu akalilisha, akaimba. Bibi aliimba mara sita. Mara ya saba alinyamaza akatazama jiko, na Vumilia akasikia punje za mahindi zikidondoka kwenye ungo, moja moja.

"Usiku ule watu wakaota moto," bibi akasema mwishowe. "Wakamuuliza, kikapu cha mama yako kiko wapi? Akawaambia, mnakiota."

Kesho yake Vumilia aliandika yote aliyoyakumbuka: kurasa nne za daftari, maneno 742. Akaanza kukata. Kikao cha wazee kikaondoka chote. Wimbo ukaondoka. Mama akaondoka, kwa sababu mwalimu alisema utangulizi usizidi sentensi moja. Vituo saba akaviacha vyote, kila kimoja na sentensi yake, maana aliogopa kumsingizia bibi. Mwisho aliuweka katika usemi wa taarifa kama walivyofundishwa: watu walipouliza kikapu kilipo, msichana alijibu kwamba kimeungua. Akahesabu: 119.

Akamsomea bibi. Bibi akasikiliza mpaka mwisho.

"Kikapu ni cha nani?"

"Cha msichana."

"Alikinunua?"

"Hapana. Alisukiwa na mama yake."

"Na huyo mama umemwacha wapi?"

Vumilia akatazama karatasi. Mama hakuwemo.

Akachota mahindi kwenye ungo, akahesabu punje 120 ndani ya bakuli. Kila neno alilolichagua alilitolea punje moja, akaipanga sakafuni. Vile vituo saba peke yake vilikuwa vimekula punje 61. Akazirudisha bakulini, akaanza upya. Ukuni uliokuwa jikoni ulikatika katikati kabla hajamaliza. Kisha akasoma:

"Zamani ukungu ulishuka mlimani, mvua ikazima moto wa kila nyumba. Msichana yatima akatumwa ng'ambo ya mto kuomba moto, akabeba kikapu cha milulu alichosuka marehemu mama yake. Mzee akampa kaa jekundu juu ya kigae, akalifunika majivu. Alipofika mtoni kaa likafifia. Akachomoa uzi mmoja wa kikapu, akalilisha huku akiimba: 'Moto, lala usife, nyumbani wanakungoja.' Kaa likafumbua jicho. Kilima cha kwanza, uzi. Kilima cha pili, uzi. Kikapu kikapungua kila aliposimama. Kituo cha saba ulibaki ukingo tu, pale vidole vya mama vilipofunga fundo la mwisho. Safari hii hakuimba. Akauweka ukingo motoni. Usiku ule kila nyumba iliota moto. Watu wakamuuliza, 'Kikapu cha mama yako kiko wapi?' Akajibu, 'Mnakiota.'"

Punje 17 zilibaki kwenye bakuli. Bibi hakuuliza kitu. Alizichukua, akazirudisha kwenye ungo.

---

Chapakazi

Hadithi ni nzuri, lakini kwa mtihani huyu binti anakatwa alama. Kwanza, katika ufupisho takriri na nyimbo ni mapambo, na mapambo ndiyo ya kwanza kutoka. Pili, usemi halisi unageuzwa kuwa usemi wa taarifa. Tatu, "Kilima cha kwanza, uzi" si sentensi, haina kitenzi. Ile rasimu ya maneno 119 ndiyo iliyofuata kanuni. Ningeacha ile, nikarudisha neno "mama" pale mwanzoni, basi.

---

Mwl_Fasihi

Chapakazi, kanuni ulizotaja ni za kufupisha habari, kwa mfano makala ya mmomonyoko wa udongo. Humo hoja ikisemwa mara tatu, mara mbili ni za kutupa, kwa sababu hoja haibadiliki kwa kurudiwa. Kwenye ngano kurudia ni sehemu ya tukio lenyewe. Kila kituo kinapunguza kikapu, na msikilizaji anakihesabu kikipungua.

Hebu tazama kwanza hesabu yenyewe. Theluthi ya maneno 742 ni kama 247. Mtu akikuomba theluthi, unaweza kupona kwa kukata maneno tu: vivumishi, maelezo, kikohozi cha wazee. Lakini 120 ni karibu sehemu moja ya sita. Hapo kukata maneno hakutoshi, inabidi ukate matukio, na swali linakuwa tukio gani. Rasimu ya pili ya Vumilia iliharibika kwa sababu alibaki na matukio yote akakata sababu zake. Vituo saba vilibaki, mwenye kikapu akaondoka. Ukisoma rasimu ya namna hiyo unaijua mara moja: kila kitu kimetokea, lakini ukiuliza "kwa nini iniume?" haina jibu.

Njia ya kujua kipi ni moyo wa ngano ni kuanzia mwisho kurudi nyuma. Chukua sentensi ya mwisho, "Mnakiota", kisha funika kwa kidole kila sentensi iliyotangulia, moja baada ya nyingine, na uulize kama mwisho bado unauma vilevile. Funika kikao cha wazee: unauma vilevile, kiende. Funika mzee wa ng'ambo: unapungua kidogo tu, mpe sentensi moja. Funika "alichosuka marehemu mama yake": mwisho unakufa, unabaki msichana aliyeunguza chombo. Maneno hayo manne hayaguswi hata kama mwalimu angetaka ufupisho wa maneno 50.

Kurudia nako kuna nafasi tatu za kutazama. Mara ya kwanza inaweka desturi: kaa likififia, kikapu kinatoa, wimbo unaimbwa. Mara za katikati zinaonyesha tu kwamba muda umepita na kitu kimepungua, kwa hiyo unaweza kuzibana hata zikabaki maneno manne. Mara ya mwisho inaivunja desturi. Kwa hiyo unatunza ya kwanza na ya mwisho kwa ukamilifu, na katikati unaacha alama. Vumilia amefanya hivyo hasa.

Na wimbo si pambo hapa. Umewekwa ili siku usipoimbwa tusikie. Ukiuondoa, "Safari hii hakuimba" haina maana, kwa sababu hakuwahi kuimba. Maneno yake matano ndiyo bei ya ule ukimya.

Usemi wa taarifa nao mara nyingi hupunguza maneno, sikatai. Hapa unaongeza. "Walipomuuliza kikapu cha mama yake kilikuwa wapi, alijibu kwamba walikuwa wakikiota" ni maneno 11. Alivyoandika yeye, kuanzia "wakamuuliza" hadi "mnakiota", ni 9. Zaidi ya hayo, neno la mwisho limekuwa "wakikiota", na msichana hayupo tena mbele ya watu. Kanuni iliyowekwa ili kubana ikianza kurefusha, haijakusaidia.

---

Mdau_Ipogolo

Samahani wakuu, nimefika kwa kuchelewa. Nina taarifa ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kurasa 12, na mwenyekiti anataka ukurasa mmoja Jumamosi. Kwa hiyo nitunze tukio la kwanza na la mwisho, katikati niweke alama?

---

Mwl_Fasihi

Hapana ndugu yangu, utawaudhi wanachama. Wao hawasubiri kuguswa, wanasubiri kujua fedha. Andika salio la mwanzo, yaliyoingia, yaliyotoka, salio la mwisho, madeni yaliyochelewa na maamuzi yanayosubiri kura. Majadiliano yote ya kikao yaache kwenye muhtasari kamili. Hiyo ni kazi tofauti kabisa na hii.

---

Mdau_Ipogolo

Nimekupata mwalimu, asante. Ila nimeisoma hadithi pia. Huyo bibi ni mkali.

---

Mama_Milulu

Nakuja kwa upande wa kikapu, kwa sababu hapo pana kosa linalobomoa sentensi muhimu kuliko zote.

Kikapu cha milulu kinaanzia chini. Unapanga milulu ikapishane katikati, unaizungushia mpaka kitako kinakaa sawa, ndipo unapandisha ubavu kidogo kidogo. Ukingo ndio wa mwisho. Pale juu unakunja ncha zote, unazifungia ndani ili zisichomoke. Sasa mtu akitaka kukifumua anarudi njia ileile kinyume. Hawezi kuchomoa chochote ubavuni wakati ukingo umefungwa. Akijaribu kwa nguvu, mlulu mkavu unakatika mkononi na kikapu chote kinakaa upande. Lazima afungue ukingo kwanza, avute mzunguko wa juu, ateremke. Kwa hiyo kituo cha saba hakiwezi kubaki ukingo. Ukingo uliungua kituo cha kwanza. Kinachobaki mwisho ni kitako.

Na tena, kikapu hakina uzi. Kina milulu, na mmoja ni mlulu. Bibi wa Kilolo hawezi kusema uzi.

---

Kigoda

Dada Mama_Milulu, umeniokoa. Niliuchagua ukingo kwa sababu ya lile fundo la mwisho, nikaona linafanana na kufa. Lakini kitako kina nguvu zaidi: msichana anarudi nyuma hatua kwa hatua kwenye kazi ya mama yake mpaka anafika pale mama alipoanza. Nabadili iwe: "Kituo cha saba kilibaki kitako tu, pale vidole vya mama vilipoanzia." Naona imepungua maneno matatu pia, kutoka 103 kwenda 100.

---

Mwl_Fasihi

Mabadiliko ni sahihi, lakini sentensi imepata ugonjwa mpya. Zamani "kituo" na "ukingo" vilikuwa ngeli tofauti, kwa hiyo "ulibaki" ilijua mwenyewe ni nani. Sasa "kituo" na "kitako" vyote vinachukua ki-, na "Kituo cha saba kilibaki kitako tu" inasomeka kama kituo chenyewe kimegeuka kitako. Andika "Mara ya saba kilibaki kitako tu". Idadi haibadiliki na mkanganyiko unaondoka.

Makosa ya aina hii huja sana wakati wa kufupisha. Katika simulizi ndefu kila kiambishi kina jina lake karibu. Ukikata majina, viambishi vinabaki vikielea, na vinashika jina lolote lililo jirani. Kila baada ya kukata, pita upya ukimtafutia kila ki-, li- na u- mwenyewe.

---

Chapakazi

Kama tunafika huko, basi na "Mnakiota" ina shida hiyohiyo. Kuota ni ndoto pia. Kiota ni cha ndege. Mmea nao unaota. Mwanafunzi wa dawati la nyuma atasikia "mnakiota" akafikiri watu wanakiota kikapu usingizini. "Kimeungua" haina utata.

---

Mwl_Fasihi

Hoja yako ina uzito, ila dawa si kuibadilisha "Mnakiota". Dawa ni kuitayarishia njia. Neno lenye maana nyingi huchukua maana ya mwenzake aliyetangulia karibu. Msikilizaji akiwa ametoka kusikia "waliota moto", kuota kutakuwa kwa moto. Katika rasimu hii yametangulia kwa umbali mdogo, kwa hiyo kazi imefanyika nusu. Nusu iliyobaki ni kwamba Kigoda ameandika "kila nyumba iliota moto", na nyumba haioti moto, wanaota watu. Hapo kweli msikilizaji anaweza kuona moto unachipua juu ya paa. Iwe: "Usiku ule watu wote waliota moto. Wakamuuliza..." Ni wazi zaidi, na "watu" hatuna haja ya kuwataja mara ya pili.

"Kimeungua" inasema kilichotokea kwa kikapu. "Mnakiota" inasema kiko wapi, na watu walichouliza ni kiko wapi.

---

Chapakazi

Hapo nakubali. Lakini hesabu tena. Kwenye hiyo sentensi umetoa neno moja. Tulikuwa 100, sasa ni 99. Mwalimu kaandika yasiyopungua 100. Moyo wote huo, na karatasi inarudishwa kwa neno moja.

---

Kigoda

Nimehesabu mara mbili. Ni 99 kweli.

---

Moto_wa_Kuni

Kabla hamjajaza pengo, naomba niseme kuhusu kaa. Kwenye simulizi ya bibi umeandika "kaa la mwati". Miwati asili yake ni Australia, ililetwa huku wakati wa ukoloni. Kwa ngano ya zamani za ukungu haikai. Sema mti mgumu tu. Ugumu ndio unaohitajika, maana kaa la mti laini au la mwanzi linageuka majivu kabla hujafika mtoni.

La pili ni namna ya kulilisha. Kaa lililofunikwa majivu linadumu kwa sababu linapata hewa kidogo. Ukiangusha mlulu juu ya majivu haushiki. Unatakiwa upulize majivu yatoke, uso mwekundu uonekane, uweke mlulu, upulize tena. Na mlulu mkavu ni kama nyasi, unawaka kwa sekunde chache na kuisha. Wenyewe hauwezi kuwa kaa. Kazi yake ni kurudisha joto ili kaa lishike tena, kisha unafunika. Kwa hiyo ni sawa kabisa kwamba alihitaji kuchomoa tena na tena, ngano iko sahihi. Kosa ni "akalilisha huku akiimba". Hakuna anayepuliza na kuimba kwa mdomo mmoja.

---

Kigoda

Hilo sikuliona kabisa. "Akalilisha huku akiimba" ni maneno matatu. "Akalilisha, akapuliza, akaimba" ni matatu pia. Nimepata pumzi ya kweli bila kulipa chochote. Ila bado niko 99.

---

Mama_Milulu

Basi lipa kwenye ukingo. Hujasema popote kwamba aliufungua. Andika: "Akafungua ukingo wa kikapu, akachomoa mlulu mmoja." Yalikuwa maneno matano, sasa saba. Na msomaji akishajua kwamba kilianza kufunguliwa juu, akifika kwenye kitako anajua hakuna kilichobaki. Bila hiyo, asiyejua kusuka hataelewa kwa nini kitako ndicho cha mwisho.

---

Chapakazi

101. Inapita. Ila kile "Kilima cha kwanza, mlulu" bado kinaniuma. Weka kitenzi kwenye vyote viwili, "Kilima cha kwanza akachomoa mlulu, kilima cha pili akachomoa mlulu", unakuwa 103 na msahihishaji hana la kusema.

---

Mwl_Fasihi

Msahihishaji mwingine atakata, mwingine ataacha, siwezi kukuahidi. Kwa sikio langu, sentensi zote zinazozizunguka zina -ka-: akafungua, akachomoa, akalilisha, akapuliza, akaimba. -ka- ni rahisi sana wakati wa kufupisha, inabeba mtenda na mfuatano wa matukio ndani ya neno moja. Lakini zikifuatana kumi, kila tendo linakuwa na mwendo uleule, na kifo cha kikapu kinasikika sawa na kuvuka mto. Zile sentensi mbili bila kitenzi zinavunja mwendo huo. Halafu "Safari hii hakuimba" inauvunja mara ya pili kwa kukanusha. Mimi ningeziacha.

Kwa wanaofupisha Kiswahili, jueni kwamba vitenzi vyetu ni vya bei nafuu na majina ni ghali. "Kikapu ambacho mama yake alikuwa amekisuka kabla hajafa" ni maneno nane. "Kikapu alichosuka marehemu mama yake" ni matano, na hakuna kilichopotea. Ukikosa nafasi, tafuta kwanza "ambacho", "alikuwa ame-" na "kwa ajili ya" kabla hujagusa tukio lolote.

---

Kihesa_Juu

Mimi nina swali la lugha. Bibi wa Kilolo angesimulia kwa Kihehe, si kwa Kiswahili. Wimbo ungekuwa wa Kihehe, na wasikilizaji wangeuitikia. Vumilia ameutafsiri bila kusema. Je, huo si ufupisho wa kimyakimya uliokata kitu kikubwa zaidi ya kikao cha wazee?

---

Kigoda

Umenigusa mahali ambapo sijapatatua. Nikiuweka wimbo kwa Kihehe, darasa zima halitajua kwamba msichana anauambia moto usife, na ile "hakuimba" itabaki ukimya tu. Nikiuweka kwa Kiswahili, bibi anasikia wimbo wake kwa sauti ya shule. Nilifikiria kuandika wimbo kwa Kihehe mara ya kwanza na maana yake ndani ya simulizi, lakini maana inakula maneno mengine matano.

---

Mwl_Fasihi

Kwa karatasi ya mwalimu, Kiswahili. Kwa kumsomea bibi, Vumilia angeweza kuuimba kwa Kihehe bila kuandika chochote. Hadithi yako inasema alisoma, haitwambii kama wimbo aliusoma au aliuimba. Lifikirie hilo.

---

Kigoda

Nitalifikiria. Hii ndiyo rasimu kwa sasa, maneno 101:

"Zamani ukungu ulishuka mlimani, mvua ikazima moto wa kila nyumba. Msichana yatima akatumwa ng'ambo ya mto kuomba moto, akabeba kikapu cha milulu alichosuka marehemu mama yake. Mzee akampa kaa jekundu juu ya kigae, akalifunika majivu. Alipofika mtoni kaa likafifia. Akafungua ukingo wa kikapu, akachomoa mlulu mmoja, akalilisha, akapuliza, akaimba: 'Moto, lala usife, nyumbani wanakungoja.' Kaa likafumbua jicho. Kilima cha kwanza, mlulu. Kilima cha pili, mlulu. Kikapu kikapungua kila aliposimama. Mara ya saba kilibaki kitako tu, pale vidole vya mama vilipoanzia. Safari hii hakuimba. Akakiweka kitako motoni. Usiku ule watu wote waliota moto. Wakamuuliza, 'Kikapu cha mama yako kiko wapi?' Akajibu, 'Mnakiota.'"

Punje zinazobaki kwenye bakuli zitakuwa 19, nimebadilisha na pale.

---

Moto_wa_Kuni

Bado moja. Kigae kilikuwa ndani ya kikapu, juu ya majani mabichi. Kitako kikishaingia motoni, kigae kinabebwa na nini? Kigae chenye kaa lililotoka kupulizwa hakishikiki. Kutoka kituo cha saba mpaka nyumbani alikibeba kwa viganja. Una maneno 19 ya akiba na mikono ya huyu binti haimo.

---

Kigoda

Kwenye rasimu ya kwanza bibi alikuwa na sentensi ya viganja. Msichana alipojibu "mnakiota" alikuwa amevificha mgongoni. Niliikata nikiona inashindana na neno la mwisho.

---

Mama_Milulu

Irudishe. "Alificha viganja mgongoni, akajibu." Maneno matatu tu yanaongezeka.

---

Mwl_Fasihi

Mimi nasema iache nje. Ukionyesha viganja, watu watatazama viganja na kusahau kikapu.

---

Mama_Milulu

Watatazama vyote viwili, mwalimu. Ukishasuka kwa mikono hiyo unajua havitengani.